Samaki ndani ya tangi la maji: mbu gani wanawazuia, na wapi wanashindwa

Kila mvua zinapokaribia, na kila dengi au malaria inaporudi kwenye taarifa za habari, watu hugawanyika pande mbili. Wa kwanza husema: tia samaki wachache kwenye tangi, habari ya mbu imekwisha. Wa pili hukunja uso: utakunywaje maji ambayo samaki wanajisaidia humo? Pande zote mbili zina ukweli wao, ila kila upande una tangi lake kichwani. Kuna tangi ambalo samaki watalifanyia kazi nzuri kwa miaka. Kuna lingine ambalo watakufa kabla ya siku mbili kwisha. Na kuna la tatu ambalo kuwaweka ni kujitwisha kazi bure, kwa kuwa mbu hawana njia ya kuingia humo. Ugomvi mwingi ungekwisha kama kila mmoja angeanza kwa kueleza tangi analolizungumzia.

Samaki anakula nini hasa

Mbu huishi maisha mawili. La kwanza ni la majini, na la pili ni la angani, ndilo tunalolijua kwa sababu ya kuumwa. Jike hutaga mayai juu ya maji au ukingoni mwake. Mayai yakianguliwa hutoka viluwiluwi, wale wadudu wembamba wanaojinyonganyonga na kupanda juu kila mara kuvuta hewa. Kiluwiluwi hukua kwa hatua nne, kila hatua akivua ngozi, kisha hugeuka kuwa pupa. Pupa ana umbo kama alama ya mkato: kichwa kikubwa, mkia uliopinda. Hali kitu tena, ila anapumua na akishtuliwa anakimbia. Baada ya siku mbili hivi ngozi yake hupasuka juu ya maji na mbu kamili huruka. Kwenye maji ya uvuguvugu, safari yote kutoka yai hadi kuruka huchukua kama siku 7 hadi 10.

Samaki anafanya kazi ndani ya siku hizo chache tu. Anamkamata kiluwiluwi, na mara nyingi pupa pia. Mbu anayeruka chumbani hamhusu. Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza la matarajio: mtu anatia samaki Jumamosi, usiku wa Jumapili anaumwa kama kawaida, anasema samaki hawafai. Mbu jike anaweza kuishi wiki kadhaa, kwa hiyo hata tangi likiacha kabisa kutoa mbu wapya, wa zamani bado wapo. Tofauti, kama ipo, huanza kuonekana baada ya wiki mbili au tatu, na usiku chandarua kinabaki palepale.

Njia hii huitwa udhibiti wa kibayolojia, yaani kutumia kiumbe hai kupunguza kiumbe kingine badala ya sumu. Mfano wa karibu ni paka anayewekwa ghalani kwa ajili ya panya, na mfano huo tuushike, maana udhaifu mwingi wa samaki unafanana na wa paka. Paka hawindi panya wa ghala la jirani. Paka aliyeshiba hawindi kwa bidii. Na ghala likiungua, paka naye yumo ndani.

Si kila samaki, na si kila mbu

Samaki anayefaa kwa kazi hii ni mdogo, anakaa karibu na uso wa maji, ana mdomo unaoelekea juu, na anavumilia maji yasiyo na hewa nyingi. Samaki mkubwa wa kitoweo hatakusaidia sana: viluwiluwi ni vidogo mno kwake kumfaa kama mlo, na kwenye tangi dogo atayachafua maji kabla hujafaidi chochote.

Anayetumiwa zaidi katika matangi ya nyumbani ni gapi, yule samaki mdogo wa mapambo ambaye dume lake lina mkia wa rangi. Jike hufika sentimita 5 au 6, dume ni mdogo zaidi. Hatagi mayai, anazaa watoto wanaoogelea papo hapo, na anaweza kuzaa tena baada ya wiki tatu au nne. Ndiyo maana ukianza na wachache unaweza kubaki nao kwa muda mrefu bila kuongeza. Baridi haimfai. Kwenye maji ya chini ya nyuzi 15 za Selsiasi anazubaa au anakufa.

Mwingine anayetajwa sana ni gambusia, ambaye asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani na Meksiko. Alisambazwa duniani kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 kama dawa ya malaria, na leo yumo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, kwa sababu anakula mayai na vifaranga vya samaki wa asili, vyura na wadudu wa majini wasio na hatia. Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza kumpeleka sehemu mpya tangu miaka ya 1980. Mtu akikuletea ndoo ya “samaki wa mbu” bila kujua jina lao, huenda ni hawa. Usiwapokee mpaka umethibitisha ni akina nani.

Upande wa mbu ndio unaosahauliwa zaidi. Watu husema “mbu” kana kwamba ni mmoja, kumbe kila aina ina maji inayoyapenda.

Mbu wa Aedesi, anayeeneza dengi na chikungunya na kuuma mchana, hupenda vyombo vya binadamu: mapipa, mitungi, matangi, lakini pia matairi, visahani vya maua, makopo na mifereji ya paa iliyoziba. Mbu maarufu wa malaria barani Afrika, Anofelesi gambie, yeye hupendelea vidimbwi vidogo vya mvua vilivyo juani, hata nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Hapo samaki hana pa kukaa, kwani kidimbwi hukauka kabla samaki hajazoea. Kwa hiyo kutia samaki kwenye tangi ukitegemea kupunguza malaria inayoletwa na gambie ni kufunga mlango ambao mwizi hapitii.

Habari mpya iliyobadilisha mazungumzo ni Anofelesi stefensi, mbu wa malaria kutoka Asia aliyegunduliwa Jibuti mwaka 2012, kisha Ethiopia na nchi nyingine za Afrika. Huyu anaishi mijini na huzaliana kwenye matangi na mabirika ya maji safi. Ghafla tangi la nyumbani, ambalo zamani lilihusu dengi tu, limeingia pia kwenye hesabu ya malaria. Ndiyo maana swali la samaki limerudi kwa nguvu.

Birika moja, kuanzia siku ya kwanza

Tuchukue birika la saruji lililo wazi, lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 1.5. Likijaa lina lita 9,000. Maji yake ni ya mvua na ya kununuliwa, hutumika kufulia, kuoshea na kumwagilia. Limejaa viluwiluwi.

Cha kwanza ni idadi ya samaki. Wengi huuliza “samaki wangapi kwa lita ngapi”, lakini swali lenyewe limekaa vibaya. Viluwiluwi hukaa juu kuvuta hewa, na samaki huwindia huko huko, kwa hiyo kinachohesabiwa ni eneo la uso wa maji. Mita 3 mara 2 ni mita za mraba 6. Ukianza na gapi watano kwa kila mita ya mraba unahitaji 30. Majike wawe wengi kuliko madume, tuseme 20 kwa 10, kwa sababu jike ni mkubwa, anakula zaidi na ndiye anayezaa. Kuweka 300 ili kazi iende haraka ni kosa. Viluwiluwi watakwisha kwa siku chache, samaki watakosa chakula, wataanza kula watoto wao, na wanaokufa wataoza ndani ya maji. Kwa pipa la lita 200, gapi wawili au watatu wanatosha.

Pili ni birika lenyewe. Kama saruji ni mpya, usitie samaki. Saruji mpya huachia chokaa, maji yanakuwa makali kiasi cha kuunguza matamvua ya samaki. Jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia mara tatu au nne kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Birika la zamani halina shida hiyo, ila toa majani na utando wa mwani unaoelea. Kiluwiluwi aliyejificha chini ya jani au ndani ya utando wa mwani yuko salama kama panya nyuma ya magunia; samaki hamwoni na hamfikii. Chota pia viluwiluwi wengi uwezavyo kwa kitambaa au wavu mwembamba. Birika lililokwisha jaa pupa litaendelea kurusha mbu kwa siku mbili au tatu hata samaki wakiwamo.

Tatu ni jaribio la ndoo, na hili lisirukwe. Jaza ndoo kwa maji ya birika hilo hilo, tia gapi watatu, waache kivulini kwa saa 24. Wakiwa hai na wachangamfu, endelea. Wakifa, au wakikaa juu wakihema, kuna kitu majini: klorini, chokaa, sumu ya rangi mpya au ya bati. Bora umepoteza watatu kuliko 30.

Kisha ingiza samaki taratibu. Acha mfuko wao uelee juu ya maji ya birika kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, ongeza maji ya birika kidogo kidogo ndani ya mfuko, halafu watoe kwa wavu. Maji waliyokuja nayo yamwage nchi kavu, yasiingie birikani. Yanaweza kuwa na konokono, vimelea au samaki wa aina nyingine.

Usiwalishe. Hili huwatesa wenye huruma, lakini gapi kwenye birika lililo wazi anapata mwani, wadudu wanaoanguka na vijidudu vya majini. Ukimtupia unga au makombo ya mkate, ataacha viluwiluwi, na makombo yatakayozama yatalisha viluwiluwi wanaobaki.

Utajuaje kama wanafanya kazi? Kuwaona samaki wakiogelea si ushahidi. Kila wiki, asubuhi, nenda polepole bila kutupa kivuli juu ya maji, kwa sababu viluwiluwi wakihisi kivuli au mtikisiko hupiga mbizi. Subiri dakika mbili. Chota kwa kikombe cheupe kando ya kuta na kwenye pembe, mara kumi, na uangalie kilichomo. Ukikuta vijidudu vidogo sana kama uzi, hiyo ni kawaida: mbu bado wanataga, samaki bado hawajavila. Ukikuta viluwiluwi wakubwa, jiulize wanajificha wapi. Ukikuta pupa, kuna mbu wanaofuzu, na samaki wako wameshindwa mahali fulani. Kwa birika hili, siku ya tatu au ya nne viluwiluwi wakubwa wanapaswa kuwa adimu, na baada ya wiki moja pupa wasionekane kabisa. Wakiendelea kuonekana, tafuta pembe yenye taka, ngazi iliyozama au nafasi nyuma ya bomba ambako samaki hawafiki. Mara nyingi jawabu liko hapo, na kuongeza samaki hakutalileta.

Klorini: rafiki wa mnywaji, adui wa samaki

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Birika ni lile lile, lakini linajazwa kwa maji ya bomba yaliyotiwa dawa.

Maji ya bomba yaliyosafishwa vizuri hubaki na klorini kidogo hadi yanapofika kwa mtumiaji, kwa kawaida miligramu 0.2 hadi 0.5 katika kila lita. Kiasi hicho kinaua vijidudu vinavyoingia njiani na hakimdhuru mnywaji. Kwa samaki mdogo ni janga. Klorini hushambulia matamvua, na hata miligramu 0.1 kwa lita ikidumu inaweza kumuua. Maana yake ni kwamba maji yaliyo salama kwako, kwa sababu ya klorini hiyo hiyo, si salama kwake. Na maji ambayo gapi anastawi ndani yake ni maji ambayo hayana tena kinga hiyo.

Hakuna ujanja wa kukwepa mgongano huu. Klorini ya kawaida huisha yenyewe maji yakikaa wazi siku moja au mbili, hasa juani. Zipo pia dawa za kuiondoa zinazotumiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo. Lakini ukiiondoa ili samaki aishi, umeiondoa pia kwa mtoto atakayekunywa. Baadhi ya mitambo hutumia klorini iliyochanganywa na amonia, na hiyo haiondoki kwa kukaa juani.

Kwa birika la kufulia, tatizo hili lina hesabu rahisi. Tuseme zimebaki lita 8,100 zisizo na klorini, nawe unaongeza lita 900 za maji ya bomba yenye miligramu 0.5. Yakichanganyika, wastani ni miligramu 0.05, na uchafu wa birika utaila haraka sehemu yake. Samaki wengi watapona, hasa maji yakiingia polepole upande mmoja. Lakini birika likiwa nusu nawe ukajaza nusu nyingine kwa mkupuo, wastani unapanda hadi 0.25. Kesho yake samaki wanaelea chali. Watu husema “wamekufa kwa ugonjwa”, kumbe wamekufa kwa bomba. Jaza kidogo kidogo, sehemu moja ya kumi kwa siku.

Je, maji yenye samaki yanyweke? Imani kwamba samaki “wanasafisha maji” haina msingi. Samaki anaondoa viluwiluwi, na wakati huohuo anaongeza kinyesi na amonia. Kwamba samaki yu hai ni dalili kwamba hakuna sumu kali ya kemikali, lakini hakukuambii chochote kuhusu kipindupindu au vijidudu vya kuhara. Samaki huogelea kwa raha ndani ya maji yatakayomlaza mtu hospitali. Maji ya tangi lenye samaki yachukuliwe kama maji ya kisima kilicho wazi. Yanayokwenda kunywewa yachotwe, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe au yatiwe dawa ndani ya chombo cha kunywea chenye mfuniko. Dawa iingie baada ya kuchota, kwenye ndoo, na kamwe isitiwe birikani. Na kuchuja si pambo, kwani uchafu hula klorini kabla haijawafikia vijidudu.

Tangi lenye mfuniko halihitaji samaki

Tangi jeusi la plastiki lililo juu ya mnara ndilo watu wanaloliulizia sana, na ndilo lisilofaa zaidi. Ndani ni giza, na gapi huwinda kwa macho. Mwani hauoti, kwa hiyo chakula cha akiba hakipo. Mchana maji ya juu hupata joto sana na hewa hupungua. Bomba la kutolea huwavuta samaki wadogo, na siku moja bomba la jikoni linaziba, ukifungua unakuta mkia.

Zaidi ya yote, tangi hilo lilitengenezwa lifungwe. Mbu akiingia humo kuna tundu: mfuniko uliopinda, bomba la kufurikia lisilo na wavu, au mahali bomba la paa linapoingilia. Weka mfuniko unaokaa sawa, na wavu wa matundu yasiyozidi milimita 1.5 kwenye kila uwazi. Wavu huo ukiwa mzima unashinda samaki yeyote, hauli, haufi, na klorini haiudhuru. Uukague mara kwa mara, hasa ule wa plastiki, kwa sababu jua huukausha na kuupasua.

Kwa hiyo tangi zuri kwa samaki ni lile lenye mwanga, lililo wazi, lenye maji ya kudumu yasiyo na dawa. Na hizo ndizo sifa za tangi baya la maji ya kunywa. Samaki ni suluhisho la maji usiyoweza kuyafunika: birika kubwa la kumwagilia, la mifugo, la ujenzi uliosimama, bwawa la mapambo, kisima kipana kisicho na mfuniko. Ukiweza kulifunika, lifunike.

Yanayoharibika baada ya miezi

Kushindwa kwa njia hii mara chache hutokea wiki ya kwanza. Hutokea mwezi wa nne, samaki wakiwa wamezoeleka na hakuna anayechungulia tena.

Mara nyingi ni siku ya kuosha birika. Maji yanamwagwa, samaki wanawekwa kwenye beseni, beseni linasahauliwa juani. Birika linajazwa bila wao. Hapa mbu wa Aedesi ana hila yake: mayai yake hayaelei, ameyabandika ukutani juu kidogo ya mstari wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi bila kufa. Maji mapya yakipanda na kuyafunika, yanaanguliwa. Birika lililooshwa kwa maji tu, bila kusuguliwa kuta, linaweza kujaa viluwiluwi ndani ya wiki moja. Basi siku ya kuosha, sugua kuta kwa brashi ngumu hadi juu ya mstari wa maji, na samaki warudi siku hiyohiyo kama maji ni yale yale waliyozoea. Kama ni maji ya bomba, wasubiri kwenye chombo chenye kivuli na maji ya zamani hadi klorini iishe, na ufanye tena lile jaribio la ndoo.

Sababu nyingine ni dawa za kupuliza. Nyingi zinazotumiwa kuua mbu nyumbani ni za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo sana. Nyumba ikipuliziwa, birika lifunikwe kwa turubai kwanza. Kinyume chake, dawa ya viluwiluwi inayotokana na bakteria iitwayo Bti haiwadhuru samaki, na inaweza kutumika pamoja nao pale wanaposhindwa kufika.

Kutoka tangi moja hadi mtaa mzima

Hata samaki wakifanya kazi kikamilifu, wamelinda maji yale tu waliyomo. Hesabu uwanja wa nyumba ile yenye birika. Kuna mapipa mawili, matairi manne nyuma ya ukuta, visahani vya maua, mfereji wa paa uliozibwa na majani. Birika limeacha kutoa mbu, lakini tairi moja lenye lita moja ya maji linaendelea kutoa, na humo hutii samaki. Vyombo hivyo dawa yake ni kuvimwaga na kuvisugua kila wiki, au kuviondoa. Kila wiki, kwa sababu safari ya yai hadi mbu haipungui sana siku saba.

Ndiyo maana utafiti unatoa majibu yanayoonekana kupingana. Watafiti wakihesabu viluwiluwi ndani ya maji yenye samaki, mara nyingi wanapungua sana. Nchini Kambodia, gapi waliowekwa kwenye mitungi mikubwa ya maji ya nyumbani walipunguza mno mazalia ya Aedesi katika vijiji vilivyojaribiwa. Lakini wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walipokusanya tafiti kuhusu malaria, mara ya kwanza mwaka 2013 na tena mwaka 2017, hawakupata utafiti wa kuaminika uliopima kama wagonjwa wa malaria wanapungua kwa sababu ya samaki. Viluwiluwi wachache ndani ya tangi ni jambo moja. Wagonjwa wachache mtaani ni jambo jingine, na katikati yake kuna matairi yote, vidimbwi vyote na mbu wote wanaoruka kutoka kwa jirani.

Mahali palipokaribia zaidi kuunganisha mambo hayo mawili ni penye ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kaskazini mwa Somalia, perege wa asili ya huko waliwekwa kwenye mabirika ya saruji ya kuhifadhia maji ya mvua, na ripoti ya jaribio hilo ilionyesha mafanikio. Ukavu wa nchi ulikuwa msaada mkubwa. Mabirika hayo ndiyo yalikuwa karibu maji pekee ya kudumu, yanahesabika, na mbu hakuwa na pengine pa kutaga. Ukiuhamishia mpango huo mahali pa mvua nyingi, penye madimbwi kila hatua kumi, umebeba samaki na kuacha nyuma kilichowafanya wafaulu.

Jambo la mwisho ni mlango wa kutokea. Birika likifurika, samaki wanakwenda na maji hadi mtaroni na mtoni, kwa hiyo bomba la kufurikia liwe na wavu wa matundu kama milimita 1, kwani mtoto wa gapi aliyezaliwa leo ana urefu wa milimita 6 au 7 tu na ni mwembamba. Tangi lililo karibu na mto, ziwa au bonde linalofurika lisiwekwe samaki wa kigeni kabisa. Kabla ya kuanza, uliza idara ya uvuvi ni aina gani inaruhusiwa. Kama kuna samaki mdogo wa asili ya eneo anayekula viluwiluwi, achaguliwe huyo. Na ukichoka nao, usiwamwage mtoni kwa huruma. Mpe mtu mwenye birika kama lako, au wakaushe juani mbali na maji na uwape kuku.